Simu kutoka nje: hakiki bendi kabla ya kutuma pesa

Simu ikifika kutoka Marekani, Japani au China na kuonyesha "No Service" kwenye laini yako, kasoro mara nyingi si ya simu wala ya mtandao. Simu ni nzima na mnara ni mzima, ila kila kimoja kinasema kwa mawimbi ambayo mwenzake hayasikii. Shida ya kawaida zaidi, na iliyo ngumu kuigundua, ni simu inayofanya kazi nusu: mjini inasoma 4G bila matatizo, ukienda shambani au ukiingia chumba cha ndani inashuka hadi 3G au E, na mwenye simu anaishia kulaumu bando.

Yote haya yanaweza kujulikana kabla hujatoa shilingi, ukijibu maswali matatu kwa mpangilio. Mtandao wako unatumia bendi gani hapo unapoishi? Simu ile hasa unayotaka kununua, kwa namba yake ya modeli, ina bendi hizo? Na bendi zikilingana, je, simu itapiga pia, au itabaki kuvuta intaneti tu? Wanunuzi wengi huanza na swali la pili, tena kwa jina la simu badala ya namba yake, na hapo ndipo pesa hupotea.

Bendi ni nini, na kwa nini ya chini ndiyo inayoamua

Bendi ni kipande cha masafa ya redio kilichopewa namba ya kimataifa. Kwenye 4G, bendi 3 ni kipande cha 1800 MHz, bendi 20 ni cha 800 MHz, na bendi 28 ni cha 700 MHz. Kadiri masafa yanavyokuwa ya juu, ndivyo kwa kawaida mtandao unavyopata nafasi ya kubeba data nyingi, lakini mawimbi huchoka mapema na hushindwa na kuta. Ya chini hufika mbali na kupenya nyumba. Ndiyo maana kampuni za simu huweka 1800 MHz na zaidi kwenye miji iliyojaa watu, kisha hutumia 700 au 800 MHz kufunika mashamba, barabara kuu na vyumba vya ndani.

Karibu kila simu ya 4G ya miaka ya karibuni, itoke wapi itoke, ina bendi 3. Kwa hiyo simu isiyofaa inaweza kupita jaribio la dukani katikati ya Nairobi au Kariakoo, na muuzaji akaapa kwa haki kabisa kwamba "inasoma 4G". Kinachokosekana ni bendi ya chini, na hiyo utaikumbuka ukiwa umeshaondoka pale.

Hapa kuna mtego unaonasa hata mafundi: ukubwa wa masafa si jina la bendi. Tangazo likisema "700 MHz" halijakwambia kitu. Wamarekani wana 700 zao, bendi 12, 13, 14 na 17, na hakuna hata moja kati ya hizo ambayo ni bendi 28. Mipaka yake na mpangilio wa kutuma na kupokea ni tofauti. Vivyo hivyo "800 MHz" ya Japani ni bendi 18 na 19, wakati ya kwetu ni bendi 20. Simu ya Kijapani yenye bendi 19 pekee haisikii mnara wa bendi 20 hata ukiiweka chini ya mnara wenyewe. Basi unapouliza, uliza namba ya bendi, na usikubali jibu la MHz.

Hatua ya kwanza: soma bendi za hapo unapoishi

Orodha za mtandaoni zinazoonyesha bendi za kila kampuni ni mwanzo mzuri, ila hupitwa na wakati na hazisemi ni bendi ipi inayofika kwenu. Baadhi ya mambo yanajulikana wazi. Nchini Kenya, Safaricom ina 4G kwenye bendi 3 na bendi 20. Faiba ya kampuni ya Jamii Telecommunications ilianza Desemba 2017 kwenye 700 MHz, yaani bendi 28. Tanzania, Tigo, ambayo sasa inaitwa Yas, ilianza 4G kwa 800 MHz, na Vodacom ilinunua kipande cha 700 MHz kwenye mnada wa 2018 wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania. Hata ukiyajua hayo, soma mwenyewe. Ni kazi ya robo saa.

Tafuta simu iliyouzwa rasmi hapa nchini na inayofanya kazi vizuri kwenye mtandao unaoutaka. Hili ni sharti. Ukipima kwa simu ambayo yenyewe haina bendi 28, haitakuonyesha bendi 28 hata kama mnara upo uani, nawe utahitimisha kwamba haipo.

Zima Wi-Fi. Kama simu inaruhusu, chagua 4G pekee kwenye mipangilio ya mtandao ili isikimbilie 3G. Kisha fungua ukurasa wa vipimo.

Kwenye Samsung nyingi, piga hii kama unayepiga simu:

```
*#0011#
```

Ukurasa utakaofunguka una maandishi mengi, lakini unahitaji neno `BAND` na namba inayolifuata, `BW` ambao ni upana wa chaneli, pamoja na `EARFCN` ambayo ni namba ya chaneli yenyewe. Ziandike zote tatu.

Kwenye iPhone, piga:

```
*3001#12345#*
```

Ingia kwenye sehemu ya `Serving Cell Info` au iliyo karibu na jina hilo, kwani toleo la iOS hubadilisha mpangilio, kisha tafuta mstari wenye neno `Band`.

Kwa Android nyingine, weka programu ya NetMonster au CellMapper. Iruhusu isome mahali ulipo, maana bila ruhusa hiyo Android haiipi taarifa za mnara. Programu ikitoa EARFCN bila bendi, hakuna hasara, kwa sababu EARFCN hukaa ndani ya mipaka ya bendi moja tu:

```
0–599          bendi 1   (2100 MHz)
1200–1949      bendi 3   (1800 MHz)
2750–3449      bendi 7   (2600 MHz)
3450–3799      bendi 8   (900 MHz)
6150–6449      bendi 20  (800 MHz)
9210–9659      bendi 28  (700 MHz)
38650–39649    bendi 40  (2300 MHz)
39650–41589    bendi 41  (2500 MHz)
```

Usipime mara moja ukaridhika. Simu iliyotulia inaweza kukaa kwenye bendi moja, na ukianza kupakua kitu ikahamishiwa nyingine. Washa video, acha dakika moja, soma tena. Halafu pima mahali simu itakapoishi kweli: nje, chumba cha ndani kabisa, kazini, na kama unaenda nyumbani mashambani kila mwezi, mwombe mtu wa huko akusomee. Kila ukihamia sehemu mpya, washa na kuzima hali ya ndege ili simu itafute mnara upya.

Majibu yatagawanyika. Bendi uliyoiona chumba cha ndani na kijijini ndiyo bendi ya lazima. Ile iliyotokea mjini tu wakati wa kupakua ni ya kasi. Ukiikosa utapata intaneti ya polepole kidogo, lakini simu haitakufa. Tenga orodha hizo mbili kwenye karatasi, kwa sababu zitakusaidia kuamua wakati bei ya simu moja itakapokuvuta kuliko nyingine.

Hatua ya pili: namba ya modeli, si jina

"iPhone 11" ni jina la biashara. Chini yake kuna simu tatu zenye redio tofauti: A2111 ya Marekani na Kanada, A2223 ya China bara, Hong Kong na Makau, na A2221 ya sehemu nyingi nyingine za dunia. Samsung nayo huongeza herufi mwishoni. Galaxy S21 yenye SM-G991B ni ya kimataifa, SM-G991U ni ya makampuni ya simu ya Marekani, SM-G991U1 ni ya Marekani isiyofungwa kwenye kampuni, na SM-G991N ni ya Korea. Zile za Japani huwa na namba za kampuni iliyoziuza: SC-51B ni S21 hiyo hiyo ikiwa imetoka docomo. Xiaomi za soko la China kwa kawaida zinalenga bendi za China, na kwa miaka mingi matoleo hayo yamejulikana kwa kukosa bendi 20 au 28. Maneno "Global ROM" kwenye tangazo yanakwambia kwamba programu imebadilishwa. Redio ni ile ile ya China.

Mwombe muuzaji picha tatu. Ya kwanza ni ukurasa wa taarifa za simu. Kwenye iPhone ni `Settings > General > About`, na hapo mwambie aguse mstari wa `Model Number`: kwanza huonyesha namba ndefu inayoishia kwa mfano na LL/A, na akiigusa hubadilika kuwa ile ya herufi A na tarakimu nne. Kwenye Samsung ni `Settings > About phone`. Picha ya pili ni skrini baada ya kupiga `*#06#`, inayoonyesha IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu hiyo. Ya tatu ni mgongo wa simu au lebo ya boksi.

Sababu ya kutaka tatu badala ya moja ni kwamba ukurasa wa taarifa unaweza kudanganya. Simu za Android hupakiwa programu ya nchi nyingine, na baada ya hapo ukurasa husoma modeli ya programu hiyo. Tarakimu nane za mwanzo za IMEI zinatambulisha modeli iliyosajiliwa na kiwanda, kwa hiyo ziingize kwenye tovuti ya kukagua IMEI uone inataja modeli gani. Vyanzo vitatu vikipingana, iachie simu hiyo wengine. Muuzaji anayekataa kutuma picha ya IMEI wakati unanunua kitu cha mtumba naye amekujibu kwa njia yake. Ni busara kwake kukuficha tarakimu za mwisho, lakini nane za mwanzo hazina siri.

Ukishapata modeli, tafuta bendi zake kwenye ukurasa wa mtengenezaji kwanza. Apple inaziweka zote, modeli kwa modeli, kwenye:

```
apple.com/iphone/cellular
```

Kwa simu nyingine, GSMArena huorodhesha bendi, lakini angalia kwa makini: bonyeza upanue sehemu ya mtandao, kwa kuwa mstari wa kwanza mara nyingi ni wa toleo la kimataifa na matoleo ya Marekani au China hufuata chini. Watu wengi husoma mstari wa kwanza na kufunga ukurasa.

Kuna jambo la kusoma vizuri kwenye orodha zenyewe. Bendi za 5G huandikwa kwa herufi n, kama n28 au n78, na ni orodha tofauti na ya 4G. Simu kuwa na n28 hakumaanishi ina bendi 28 ya 4G. Zisome kila moja kwenye mstari wake. Kuhusu 5G kwa ujumla, n41 na n78 ndizo za kuangalia kwanza, kisha thibitisha na kampuni yako. Zile n260 na n261 ambazo Wamarekani wanazilipia ziada hazitakufaa kitu hapa.

Mfano: iPhone 11 ya Marekani, laini ya Faiba

Tuseme mtu anaishi pembezoni mwa Nairobi. Ana laini mbili: Safaricom kwa kupiga na M-Pesa, na Faiba kwa intaneti. Binamu yake aliye Texas amempatia iPhone 11 iliyotumika, kwa bei iliyo chini ya ile ya maduka ya Luthuli Avenue.

Amepima kwa simu ya hapa nchini. Laini ya Safaricom imeonyesha bendi 3 nje ya nyumba, na chumbani EARFCN ikawa ndani ya 6150 hadi 6449, yaani bendi 20. Laini ya Faiba kila mahali imeonyesha namba za kuanzia 9210, yaani bendi 28, na hakuna nyingine. Kwa hiyo karatasi yake ina bendi 20 na 28 kwenye safu ya lazima, na bendi 3 ambayo ni ya kasi.

Picha za binamu zinaonyesha A2111. Ukifungua orodha ya Apple, A2111 ina bendi 3 na ina bendi 20. Safaricom itakaa vizuri, mjini na chumbani. Ukiendelea kwenye mstari utaona 12, 13, 14, 17, 18, 19, 20, 25, 26, kisha 29. Ishirini na nane haimo. Laini ya Faiba ndani ya simu hiyo haitasoma chochote, na kwa kuwa Faiba ilijengwa kama mtandao wa 4G bila 2G wala 3G, hakuna pa kushukia. Itakuwa kama haina laini.

Modeli A2221, yenye jina lile lile na sura ile ile, ina bendi 28. Basi jibu kwa binamu si "iPhone 11 haifai Kenya", kauli ambayo utaisikia sana na si kweli. Jibu ni kwamba A2111 inafaa kwa laini moja kati ya hizi mbili. Mwenye simu ana njia tatu: atafute A2221, kwa mfano kutoka Uingereza au Dubai, aongeze pesa achukue iPhone 12, ambayo hata toleo lake la Marekani, A2172, lina bendi 28, au achukue A2111 kwa bei ya chini na laini ya Faiba aiweke kwenye ruta ndogo ya mfukoni. Hiyo ya tatu si mbaya, mradi ameijua kabla na si baada.

Nusu ya bendi 28

Hii inahusu wachache, lakini ikikupata hutaelewa kinachoendelea. Bendi 28 ni pana kiasi kwamba watengenezaji wengi waliigawa kwa vichujio viwili vinavyopishana: 28A hupokea kutoka 758 hadi 788 MHz, na 28B kutoka 773 hadi 803 MHz. Baadhi ya simu, hasa zilizolengwa Ulaya, zina 28A tu. Kwenye orodha ya bendi huandikwa 28 au 28A kutegemea uaminifu wa aliyeandika.

EARFCN uliyoiandika inakupa jibu. Katikati ya chaneli hupatikana hivi:

```
MHz = 758 + (EARFCN - 9210) / 10
```

Ukisoma 9460, katikati ni 783 MHz. Upana ukiwa 10 MHz, chaneli inaenda 778 hadi 788, na 28A inaimeza yote. Ukisoma 9560, katikati ni 793 na chaneli inaenda 788 hadi 798, nje kabisa ya 28A. Simu yenye nusu ya kwanza pekee haitaiona. Kama namba yako iko juu namna hiyo, usinunue simu iliyoandikwa 28A, na iliyoandikwa 28 tu uihakikishe kwa mtu mwenye modeli hiyo hiyo anayeitumia hapa.

Hatua ya tatu: kufunga, na kupiga

Bendi zikilingana bado kuna vizuizi viwili ambavyo havihusiani na masafa.

Cha kwanza ni simu kufungwa kwenye kampuni ya nje. Kwenye iPhone, ukurasa ule ule wa `About` una mstari wa `Carrier Lock`. Unatakiwa usomeke `No SIM restrictions`. Taka picha yake. Kwenye Android njia ya uhakika ni kuweka laini ya kampuni nyingine huko iliko, kabla haijasafirishwa. Simu iliyofungwa na kampuni iliyoiuza kwa mkopo, na ambayo deni lake halijaisha, mara nyingi haifunguliwi kihalali, na zile kadi nyembamba za kuweka chini ya laini huacha kufanya kazi baada ya simu kusasishwa.

Papo hapo uliza nafasi ya laini. iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia iPhone 14 ya 2022 hazina kabisa tundu la laini, zinatumia eSIM pekee, yaani laini isiyo na kadi. Kama kampuni yako haitoi eSIM, au huwaamini watu wa duka lao kuihamisha haraka simu ikiharibika, hiyo inaweza kuwa sababu ya kutosha ya kuachana nayo hata kama bendi zote zipo.

Kizuizi cha pili ni sauti. Kwenye mitandao yenye 2G na 3G, simu iliyo kwenye 4G hushuka kwa muda ili kupiga, halafu hurudi. Kwa hiyo hakikisha simu ina GSM 900 na 1800, na 3G ya 2100 na 900 MHz, yaani bendi 1 na 8. Simu nyingi zinazo, ila zile za bei ya chini za Marekani zilizotengenezwa kwa kampuni moja huweza kukosa. Kwenye mtandao wa 4G pekee kama Faiba hakuna pa kushukia, simu lazima ipige juu ya 4G yenyewe kwa VoLTE. Hapa kuwa na VoLTE kwenye sifa za simu hakutoshi. Mtengenezaji huiwasha kampuni kwa kampuni, ndani ya programu ya simu. Matokeo yake unaweza kupata simu yenye bendi 28, intaneti inaruka, lakini ukipiga inakata mara moja na anayekupigia anaambiwa hupatikani. Uliza kampuni yako kwa modeli kamili, na kama jibu lao ni la jumla, tafuta mtu mwenye modeli hiyo hiyo.

Simu ikifika

Ijaribu ndani ya muda wa kurudisha, siyo baada ya sikukuu. Weka laini, chagua 4G pekee, na usome bendi pale pale uliposoma kwa simu ya kwanza, hasa chumba cha ndani. Namba zikifanana, kazi imeisha. Zisipofanana, soma dalili kabla ya kumtupia mtu lawama.

Alama ya 4G ipo na nguvu ni nzuri, lakini hakuna intaneti: bendi iko sawa, tatizo ni APN, yaani mipangilio inayoiunganisha simu na intaneti ya kampuni. Simu za nje mara nyingi huja na APN ya huko. Ingiza ya kampuni yako kwa mkono, kisha zima simu na uiwashe tena.

Hakuna 4G popote, hata mjini, lakini 3G inafanya kazi: kabla ya kusema ni bendi, weka laini hiyo kwenye simu nyingine ya 4G. Laini za zamani za kabla ya 4G zipo bado kwenye simu za watu wengi, na kubadilisha laini dukani humaliza shida.

4G ipo mjini na inapotea nyumbani, wakati simu ya jirani yenye laini ya kampuni hiyo hiyo inaendelea: hiyo ndiyo bendi ya chini iliyokosekana. Hakuna mpangilio utakaoirudisha.

"Emergency calls only" au ombi la namba ya kufungulia: simu imefungwa, au IMEI imezuiwa. Tanzania unaweza kutuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 uone jibu la TCRA, jambo ambalo ni bora ulifanye kabla ya kununua, maana IMEI unayo tayari kwenye ile picha.

Utakutana na fundi atakayesema anaweza "kuongeza bendi" kwa kompyuta. Kwenye baadhi ya simu zenye chipu ya Qualcomm inawezekana kuwasha bendi ambayo programu ilikuwa imeizima ingawa vifaa vyake vimo, na hapo kweli inaanza kufanya kazi. Lakini bendi inahitaji kichujio, kipaza nguvu na antena vilivyotengenezwa kwa masafa yake. Kama kiwanda hakikuviweka kwenye bodi, menyu itaonyesha bendi 28 imewashwa na simu itabaki kiziwi. Kazi hiyo hugusa sehemu ile ile ya kumbukumbu inayohifadhi vipimo vya redio na IMEI, na ikiharibika simu inapoteza hata bendi ilizokuja nazo. Mwambie fundi akuonyeshe kwanza simu nyingine ya modeli hiyo hiyo aliyoifanyia, ikiwa imeshika bendi hiyo kwenye laini yako. Akishindwa, ile pesa ya kazi yake ongeza kwenye bei ya kubadilishana na modeli iliyo sahihi.